Faida Milioni 14, Benki Milioni 4

Kila baada ya miezi mitatu, magazeti ya Tanzania hutoka na kurasa nzima za majedwali ya benki: safu za tarakimu ndogondogo, majina ya wakurugenzi chini, na nembo ya benki juu. Wasomaji wengi hutafuta mstari mmoja tu, ule wa faida. Wakishaona imepanda au imeshuka, wanafunua kurasa za michezo.

Mstari huo hausemi uongo, ila ni sehemu ndogo ya habari. Hesabu za kampuni huandikwa katika taarifa kuu tatu. Mizania huorodhesha kampuni inamiliki nini na inadaiwa nini katika siku moja iliyotajwa, mara nyingi 31 Desemba au 30 Juni. Taarifa ya faida na hasara huchukua kipindi kizima na kuweka mauzo upande mmoja, gharama za kuyapata upande mwingine. Taarifa ya mtiririko wa fedha haijali mauzo wala gharama. Inafuata shilingi yenyewe, imeingia lini, imetoka lini, na imetokea wapi. Zote tatu hutoka kwenye vitabu vilevile, zinahusu kampuni ileile, na bado moja inaweza kucheka wakati nyingine inalia.

Namna hilo linavyowezekana huonekana vizuri zaidi kwa kuifuata kampuni ndogo tangu siku inapofungua mlango. Tuseme ni kampuni ya kusaga na kufungasha sembe pale Kibaigwa, mkoani Dodoma, karibu na soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Morogoro. Kampuni yenyewe ni ya kubuni, lakini mambo yanayoipata yanazikuta kampuni za kweli kila mwaka.

Tarehe 1 Januari wanahisa wanaweka shilingi milioni 110, na benki inaikopesha kampuni milioni 60. Akaunti ina milioni 170. Mizania ya siku hiyo ni fupi kuliko orodha ya sokoni: upande wa mali kuna fedha milioni 170, upande wa pili kuna mkopo wa milioni 60 na mtaji wa wanahisa wa milioni 110. Pande mbili ziko sawa, na zitabaki sawa daima, kwa sababu upande wa pili unaeleza tu mali ya upande wa kwanza ilipatikana kwa fedha za nani.

Wiki inayofuata inanunuliwa mashine ya kukoboa na kusaga kwa milioni 80. Fedha inashuka hadi 90, mashine inaingia kwa 80, na jumla ni 170 ileile. Hapa mwenye kuangalia simu yake anaona salio limepungua karibu nusu na kusema kampuni imetumia vibaya. Mhasibu haoni hasara yoyote. Mali imebadilika sura tu, kutoka fedha kwenda chuma. Utaratibu huu wa kuandika kila jambo mara mbili, pale lilipotoka na pale lilipokwenda, ulikuwa ukitumiwa na wafanyabiashara wa Italia hata kabla ya mtawa Luca Pacioli kuueleza katika kitabu chake kilichochapishwa Venisi mwaka 1494. Programu za uhasibu za leo bado zinaufuata.

Kisha kazi inaanza. Mwaka mzima kampuni inanunua mahindi ya milioni 200. Kati ya hayo imelipia ya milioni 170. Yaliyobaki, ya milioni 30, imeyachukua kwa mali kauli na itawalipa wauzaji baadaye. Inasaga mahindi ya milioni 150, na ya milioni 50 yako ghalani mwaka unapofungwa. Inauza sembe ya milioni 240. Maduka ya rejareja yanalipa papo kwa papo au kwa wiki, lakini kampuni pia ni mzabuni wa shule kadhaa za bweni na ina wateja wa jumla mijini, na hao hulipa wakipata. Kufikia 31 Desemba zimekusanywa milioni 150. Milioni 90 bado ziko kwa wadaiwa. Mishahara, umeme, viroba, usafiri na matengenezo vimekula milioni 50 taslimu, riba ya benki milioni 10, na kodi ya mapato milioni 6.

Mhasibu anaandika taarifa ya faida na hasara. Mauzo ni milioni 240, na yote yanahesabiwa, hata yale ambayo hayajalipwa, kwa kuwa sembe imeshakabidhiwa na mteja ameshasaini. Kwenye gharama anaweka mahindi ya milioni 150 tu, yaani yale yaliyogeuka unga uliouzwa. Yaliyoko ghalani yanasubiri zamu yake. Anatoa milioni 50 za uendeshaji na milioni 10 za riba. Mashine haitoi kwa milioni 80 zote, maana itafanya kazi miaka 8. Mwaka huu unabeba sehemu yake, milioni 10, kwa jina la uchakavu. Inabaki faida ya milioni 20 kabla ya kodi. Ikitolewa kodi ya asilimia 30, faida halisi ni milioni 14.

Mwaka wa kwanza, faida milioni 14. Wanahisa wana haki ya kutabasamu, na mmoja wao, hakosekani, atauliza gawio ni kiasi gani.

Akaunti ya benki ina milioni 4.

Hakuna aliyeiba. Ukifuata shilingi yenyewe, hesabu inakwenda hivi: wateja wameleta milioni 150. Zimetoka 170 za mahindi, 50 za uendeshaji, 10 za riba na 6 za kodi. Shughuli za kila siku za biashara, basi, zimemeza milioni 86 zaidi ya zilizoleta. Baada ya kununua mashine zilibaki 90. Toa 86, unapata 4.

Taarifa ya mtiririko wa fedha hupanga safari hii katika mafungu matatu. Fungu la uendeshaji linaonyesha hasi milioni 86. Fungu la uwekezaji, ambako mashine imenunuliwa, linaonyesha hasi 80. Fungu la kugharamia biashara, yaani fedha za wanahisa na za benki, ni chanya 170. Jumla yake ni 4, na hiyo 4 lazima ifanane na fedha iliyoandikwa kwenye mizania ya 31 Desemba. Isipofanana, kuna kosa mahali, na hakuna mkaguzi atakayesaini.

Kampuni nyingi hazilionyeshi fungu la kwanza kwa kuorodhesha malipo mojamoja. Huanzia kwenye faida na kuirudisha hatua kwa hatua hadi kwenye fedha, na ngazi hiyo ndiyo sehemu yenye habari nyingi kuliko zote katika hesabu nzima, ingawa kwa kawaida iko kurasa za nyuma kwa herufi ndogo. Kwa kampuni ya Kibaigwa inaanza na faida ya 14. Inaongezwa uchakavu 10, kwa sababu ulipunguza faida bila fedha kutoka mwaka huu. Zinatolewa 90 za wadaiwa, zilizohesabiwa kama mauzo lakini hazijafika. Zinatolewa 50 za mahindi yaliyo ghalani, yaliyonunuliwa lakini bado si gharama. Zinaongezwa 30 za wauzaji wa mahindi ambao hawajalipwa. Jibu ni hasi 86. Kila hatua ya ngazi ina mlango wake kwenye mizania: wadaiwa, stoki, wadai, mashine.

Sasa mizania ya mwisho wa mwaka inasomeka kwa urahisi. Mali ni fedha 4, wadaiwa 90, mahindi 50, na mashine iliyoshuka thamani hadi 70. Jumla ni 214. Upande wa pili, wauzaji wa mahindi wanadai 30, benki inadai 60, na wanahisa wana 124, yaani 110 walizoweka pamoja na faida ya 14. Jumla ni 214. Faida iliyotoka kwenye taarifa ya pili imeingia hapa na kuongeza haki ya wanahisa. Aliyeuliza gawio amejibiwa: milioni 14 zake zipo, ila zimekaa kwenye madeni ya shule na magunia ya ghalani, na huwezi kumgawia mtu deni la shule.

Kuna tofauti nyingine kati ya taarifa hizi, nayo haihusu muda bali uhakika. Fedha iliyo benki huthibitishwa kwa barua kutoka benki. Faida haithibitishwi hivyo, kwa kuwa ndani yake mna makadirio. Uamuzi kwamba mashine itadumu miaka 8 ulifanywa na watu mezani. Wangesema miaka 16, uchakavu ungekuwa milioni 5, na faida kabla ya kodi ingepanda kutoka 20 hadi 25 bila kusaga debe moja la ziada. Au tuseme mteja mmoja wa jumla anayedaiwa milioni 20 amefunga duka na kuhama mji. Mhasibu mwangalifu anafuta deni hilo mwaka huohuo, na faida yote kabla ya kodi inatoweka. Mhasibu mwenye matumaini anaandika kwamba mteja atalipa, na faida inabaki 20. Katika visa vyote hivyo akaunti ya benki ina milioni 4 zilezile.

Ndiyo maana wasomaji wazoefu wa hesabu huiweka faida na fedha za uendeshaji bega kwa bega, tena kwa miaka kadhaa, si mmoja. Zikitembea pamoja, hata kwa kupishana, makadirio yanaelekea kuwa ya kweli. Faida ikipanda kila mwaka huku fedha za uendeshaji zikibaki hasi, kuna kitu kinajazana kwenye mizania, na kwa kawaida ni wadaiwa au stoki.

Kisa maarufu cha jambo hilo ni cha kampuni ya Marekani, W. T. Grant. William Thomas Grant alifungua duka lake la kwanza mwaka 1906 huko Lynn, Massachusetts, akiuza vitu vya bei isiyozidi senti 25. Alipofariki mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 96, jina lake lilikuwa juu ya milango ya maduka zaidi ya 1,000. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 wasimamizi walikuwa wakifungua maduka kwa kasi, na ili yajaze mauzo, waliwakopesha wateja fanicha na vyombo vya umeme kwa masharti mepesi mno. Mikopo ilitolewa dukani, na mfanyakazi alipimwa kwa wingi wa wateja aliowaandikisha.

Kwenye taarifa ya faida na hasara kila kochi lililokopeshwa lilikuwa mauzo siku hiyohiyo. Faida ilionekana mwaka baada ya mwaka, na gawio lililipwa. Kwenye soko la hisa, hadi mwaka 1973, wawekezaji walikuwa tayari kulipa karibu mara 20 ya faida ya mwaka ili kupata hisa moja. Lakini wadaiwa kwenye mizania walikuwa wakiongezeka bila kukoma, bidhaa zikirundikana ghalani, na fedha za kulipia yote hayo zilikopwa. Mwaka 1974 kundi la benki zaidi ya 100 liliipa kampuni mkopo wa dola milioni 600. Tarehe 2 Oktoba 1975 W. T. Grant iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na miezi michache baadaye ikafungwa kabisa.

Wanahisa wake hawakuwa wapumbavu. Wakati ule sheria za uhasibu za Marekani hazikuzidai kampuni taarifa ya mtiririko wa fedha kama ilivyo leo; zilidai taarifa nyingine iliyochanganya fedha na wadaiwa na stoki, kana kwamba kochi lililokopeshwa na noti mfukoni ni kitu kimoja. Mwaka 1980 watafiti James Largay na Clyde Stickney walichukua ripoti za Grant zilizokwishachapishwa na kupanda ngazi ileile ya Kibaigwa, kutoka faida hadi fedha. Walikuta kwamba katika miaka mingi ya muongo wa mwisho, biashara ilikuwa inameza fedha badala ya kuzileta. Dalili zilikuwa zinasomeka miaka kadhaa kabla ya kampuni kuanguka. Mwaka 1987 bodi ya viwango vya uhasibu ya Marekani iliifanya taarifa ya mtiririko wa fedha kuwa ya lazima, na viwango vya kimataifa, ambavyo Tanzania inavifuata tangu 2004, vinaidai pia.

Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hicho kikiwa kimegeuzwa kichwa chini. Supamaketi haiwakopeshi wateja wake. Mnunuzi analipa dirishani. Wanaokopesha ni wasambazaji, wale wanaoleta maziwa, sabuni na unga kisha wanasubiri siku 30, 60 au 90. Hapo ngazi inageuka. Wadai wanaongezeka, na kila ongezeko la wadai linaongeza fedha za uendeshaji. Supamaketi inayokua inaweza kuwa na faida nyembamba na bado ikawa imejaa fedha, kwa sababu imeuza maziwa ya mwezi huu na inalipia ya miezi miwili iliyopita. Kufungua tawi jipya kunaonekana rahisi.

Shida huja mauzo yanaposimama. Ankara za zamani, za wakati biashara ilipokuwa moto, zinafika muda wake huku makusanyo ya sasa yakiwa madogo. Msambazaji asiyelipwa anaacha kuleta, rafu zinabaki tupu, mteja anakwenda duka la jirani, na makusanyo yanapungua tena. Nakumatt ya Kenya, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 na maduka nchini Uganda, Tanzania na Rwanda, ilionekana kwa macho kupita katika hatua hizo: rafu tupu mwaka 2017, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama Januari 2018, na kura ya wadai ya kuifunga Januari 2020, wasambazaji wakiwa wanadai mabilioni ya shilingi za Kenya. Ilikuwa kampuni ya binafsi, haikuorodheshwa kwenye soko la hisa, kwa hiyo muuza maziwa hakuwa na taarifa zozote tatu za kusoma. Alikuwa na kipimo kimoja tu, idadi ya siku kati ya kupeleka mzigo na kulipwa. Si kipimo kibaya. Mwenye hesabu mkononi hukipata hichohicho kwa kulinganisha wadai wa kwenye mizania na gharama ya bidhaa kwenye taarifa ya faida na hasara, na kuona kama kinarefuka.

Hapa pana onyo kwa waliojifunza kuiamini taarifa ya fedha kuliko nyingine. Fedha za uendeshaji zinaweza kupendeza mwaka mmoja kwa sababu tu kampuni imekaa na fedha za watu. Malipo ya tarehe 28 Desemba yakisogezwa hadi 5 Januari, mizania ya tarehe 31 inaonyesha fedha nyingi. Inaonyesha pia wadai wengi, lakini macho ya wengi hayafiki huko. Anayetaka kujua hutazama taarifa ya mwezi Machi au Juni, kama ipo, kuona fedha ileile ilikwenda wapi.

Na kuna hila iliyopinda taarifa zote tatu kwa pamoja. WorldCom ilikuwa moja ya kampuni kubwa za simu Marekani. Gharama yake kubwa ilikuwa ada ya kupitisha simu kwenye laini za kampuni nyingine, gharama ya kila mwezi kama kodi ya pango. Mwaka 2001, mauzo yalipodorora, wakubwa wa idara ya fedha waliamuru sehemu ya ada hizo isiandikwe kama gharama bali kama mali, sawa na mitambo iliyonunuliwa. Timu ya ukaguzi wa ndani chini ya Cynthia Cooper iliyafuatilia maandishi hayo, mengine usiku baada ya saa za kazi, na tarehe 25 Juni 2002 kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa mahali pasipo pake. Mwezi uliofuata ilifilisika.

Kilichofanyika pale kinaeleweka kwa hesabu za Kibaigwa. Tuseme katika zile milioni 50 za uendeshaji, milioni 8 zilikuwa za kunoa mawe na kubadili mikanda, matengenezo ya kawaida. Mhasibu akiambiwa aziandike kama nyongeza ya mashine, gharama zinashuka kwa 8 na faida kabla ya kodi inapanda kutoka 20 hadi 28. Mizania inaonyesha mashine ya thamani kubwa zaidi. Hata taarifa ya fedha inapendeza, kwa sababu milioni 8 zimehama fungu: uendeshaji sasa ni hasi 78 badala ya 86, na uwekezaji ni hasi 88 badala ya 80. Taarifa tatu, na zote zimepata nafuu. Kitu pekee kilichokataa kusogea ni salio la mwisho, milioni 4.

Kwa hiyo fungu la uendeshaji halisomwi peke yake. Husomwa pamoja na la uwekezaji, na swali la kuuliza ni la kifundi kabisa: je, mitambo inayoandikwa kununuliwa inaonekana kwenye kazi? Kampuni ya simu ambayo mauzo yake yamesimama lakini mali yake ya mitambo inavimba kila robo mwaka inadaiwa maelezo. Kinu kinachosaga magunia yaleyale kwa mashine ambayo thamani yake vitabuni inapanda kinadaiwa maelezo hayohayo.

Je, hasi milioni 86 za mwaka wa kwanza ni habari mbaya? Zenyewe peke yake haziwezi kujibu. Kampuni inayoanza lazima ijaze ghala na lazima ikopeshe wateja wake wa kwanza, na fedha hizo zinakwenda mara moja tu ikiwa biashara itatulia. Jibu liko kwenye mwaka wa pili.

Katika mwaka wa pili wa aina ya kwanza, kampuni inauza tena milioni 240 na kupata faida ileile ya 14. Shule zinalipa madeni ya mwaka jana na kuchukua mengine ya kiasi hichohicho, kwa hiyo wadaiwa wanabaki 90. Ghala linabaki na mahindi ya 50, na wauzaji wa mahindi wanaendelea kudai 30. Hakuna kilichoongezeka cha kumeza fedha. Ngazi inakuwa fupi: faida 14, ongeza uchakavu 10, fedha za uendeshaji 24. Kampuni inarejesha benki milioni 12 za mkopo na kubaki na milioni 16 kwenye akaunti. Faida haikuongezeka hata shilingi, lakini mwaka huu mwenye kuuliza gawio anaweza kusikilizwa.

Katika mwaka wa pili wa aina nyingine, meneja mauzo ni hodari. Anapata shule zaidi, anawaongezea wateja wa jumla muda wa kulipa, na mauzo yanafika milioni 300. Mahindi yaliyotumika ni ya 190, uendeshaji 60, uchakavu 10, riba 10. Faida kabla ya kodi ni 30, na baada ya kodi ni 21, nusu nzima zaidi ya mwaka jana. Kwenye mkutano wa wanahisa patapigwa makofi. Wadaiwa, hata hivyo, wametoka 90 hadi 145, stoki imetoka 50 hadi 60, na wauzaji wa mahindi wamekubali kungoja milioni 35 badala ya 30. Ngazi inasema: 21, ongeza 10, toa 55, toa 10, ongeza 5. Ni hasi 29. Akaunti ilikuwa na 4, na benki inasubiri rejesho lake la 12. Kuna pengo la milioni 37.

Meneja anachukua taarifa ya faida na kwenda benki kuomba mkopo mwingine. Afisa mikopo, kama anaijua kazi yake, anaiweka pembeni na kuona kwanza kwamba mauzo yamekua kwa robo huku wadaiwa wakikua kwa zaidi ya nusu. Kisha anaomba karatasi ambayo haimo katika zile tatu, orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa madeni: nani anadaiwa chini ya siku 30, nani kati ya 30 na 90, nani amepitisha 90. Ikiwa sehemu kubwa ya milioni 145 iko kwenye safu ya kwanza, pengo litazibwa na wateja wenyewe mihula ya shule ikifunguliwa, na mkopo wa miezi michache unatosha. Ikiwa iko kwenye safu ya mwisho, atarudi kwenye ile faida ya milioni 21 na kuanza kuikata.